Ile elfu ishirini ya kila mwezi si mshahara

Umepata kazi ya uajenti wa bima Nairobi. Unalipwa kwa kamisheni pekee, ila kila mwezi unapewa 20,000 za kujikimu. Poa, lakini hiyo ni advansi, na itakatwa kwenye kamisheni zako za baadaye.

Piga hesabu. Januari kamisheni yako ni 8,000, kwa hivyo unadaiwa 12,000. Februari ni 14,000, deni linafika 18,000. Machi unauza vizuri, unaingiza 35,000. Kampuni inakata 15,000, unabaki na zilezile 20,000, na bado unadaiwa 3,000.

Kabla ya kutia sahihi, uliza: nikiacha kazi, deni linafutwa ama nitalilipa kutoka mfukoni? Dai jibu liandikwe kwenye mkataba.