Sombe haipikwi kwa namba

Maelezo ya kupika sombe yanayozunguka kwenye simu mara nyingi huwa hivi: 1. Twanga majani. 2. Chemsha dakika 30. 3. Tia mawese. 4. Tia chumvi. 5. Pakua. Anayesoma hivyo hasikii sauti ya mtu. Hata mpishi mwenyewe akiyasoma, hajui ni sombe ya nani.

Shida kubwa iko kwenye zile dakika 30. Ni za moto gani? Familia iliyokimbia Masisi au Rutshuru, inayopikia mawe matatu kwa makala ya kuhesabu, haina moto mmoja na mwenye jiko la umeme mjini Goma. Na majani nayo hayafanani: machanga ya juu huiva upesi, yaliyokomaa wakati wa kiangazi ni magumu. Tena majani ya muhogo mabichi yana sumu, na muhogo mchungu unayo zaidi. Kuyatwanga vizuri kunaifungua sumu hiyo, kuyachemsha sana bila kifuniko kunaitoa na mvuke. Anayefuata namba tu anaweza kupakua chakula ambacho hakijaiva, huku karatasi ikimwambia amemaliza.

Mama anayejua angemweleza binti yake namna nyingine:

“Twanga mpaka usione tena mishipa ya jani, ukishika kati ya vidole iwe laini kama udongo uliolowa. Weka maji mengi, acha sufuria wazi. Mwanzo itanukia majani mabichi. Harufu hiyo ikiwa bado inapanda, usionje, ongeza maji ya moto uendelee. Saa moja ni kidogo, mara nyingi inapita hapo. Kijani cha kung'aa kitakuwa cheusi-cheusi. Harufu mbichi ikiisha kabisa ndipo uweke kitunguu na mawese, na sambaza kavu kama umepata. Punguza makala. Mafuta yatapotea ndani kwanza, usiogope ukaongeza mengine. Yakirudi juu na wekundu wake, onja. Chumvi tia kidogo kidogo, maana sambaza kavu inaweza kuja na yake.”

Maneno ni mengi zaidi, ni kweli, na hayaingii vizuri kwenye kikaratasi. Lakini kila sentensi inampa msichana kitu cha kushika, kunusa au kutazama, hata kama hana saa wala kikombe cha kupimia. Inamwambia pia kosa litakuja wapi na afanye nini.

Namba zina kazi yake kwa maziwa ya unga ya mtoto, ambako kipimo kikizidi ni hatari. Hata kwenye sombe, muda mrefu wa kuchemsha hauachwi kwa sababu ulimi umesema tamu. Harufu na rangi zinaongezwa juu ya muda huo.

Wanaoandaa mafunzo ya upishi kambini wangeanza kwa kumpa mama kinu, wakamwacha aseme, halafu ndipo waandike.