Kwa nini kichefuchefu hakiishi upesi

Utumbo wetu hutoa homoni ya GLP-1 kila tunapokula, nayo huvunjwa ndani ya dakika chache tu. Semaglutaidi, dawa iliyomo kwenye Ozempic, imetengenezwa kuiiga bila kuvunjwa upesi: baada ya wiki nzima karibu nusu yake bado imo mwilini. Ndiyo maana unachoma mara moja kwa wiki, na ndiyo maana ikikuchafua tumbo huwezi kuitoa.

Hupunguza hamu ya kula zaidi kupitia ubongo, sehemu zinazopima njaa na shibe. Tatizo ni kwamba dawa hiyohiyo inapokelewa pia kwenye shina la ubongo, penye kituo kinachonusa sumu kwenye damu na kuamuru kutapika. Juu ya hapo, tumbo linachelewa kumwaga chakula, hasa mwanzoni.

Jirani yangu hapa Mbagala alipewa kalamu ya Ozempic na shoga yake, akaanzia miligramu 1. Utaratibu ni 0.25 kwa wiki nne, kisha 0.5, ili ubongo uzoee. Jioni akala chipsi mayai sahani nzima (mafuta nayo huchelewesha tumbo!), akatapika hadi asubuhi, na kichefuchefu kikamganda siku kadhaa. Angekuwa na maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, hapo huenda ni kongosho, na safari ni ya hospitali moja kwa moja.