*MAKATO YETU SI MTAJI WA MWAJIRI: TAMKO LA TAWI KUHUSU FAO LA KUKOSA AJIRA*

Ndugu wanachama wa tawi,

Wenzetu wanaendelea kupunguzwa kazini, na wengi wanarudi kutoka ofisi za NSSF mikono mitupu wakiambiwa michango yao haitoshi. Tawi linasema wazi: hapa anaadhibiwa mtu asiye na kosa.

*Sheria inasemaje?* Tangu mabadiliko ya mwaka 2018, mfanyakazi aliyepoteza ajira anastahili asilimia 33.3 ya mshahara wake kila mwezi, kwa miezi isiyozidi 6. Masharti makubwa ni mawili: awe amechangia angalau miezi 18, na asiwe ameacha kazi kwa hiari yake. Asiyefikisha miezi hiyo hapati malipo ya kila mwezi, anaishia kupewa sehemu ya michango yake kwa mkupuo.

Dhuluma inaingilia kwenye neno "amechangia". Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri haruhusiwi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake. Mfanyakazi akishakatwa, yeye kamaliza wajibu wake. Lakini Mfuko unahesabu fedha zilizoufikia, hauhesabu zilizokatwa.

Chukueni mfano wa mfanyakazi wa kiwandani mwenye mshahara wa shilingi 450,000. Kafanya kazi miezi 24, na kila mwezi hati ya mshahara inaonyesha makato ya shilingi 45,000. Anapopunguzwa, taarifa ya Mfuko inaonyesha miezi 15 tu. Miezi 9 mwajiri kakata na hakupeleka. Hapo shilingi 405,000 za mfanyakazi zimebaki kwa tajiri, pamoja na kiasi kama hicho ambacho mwajiri alipaswa kuongeza. Juu ya hasara hiyo, fao lake la takriban shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani 900,000 kwa miezi 6, limeyeyuka. Aliyeiba kabaki na kiwanda, aliyeibiwa kaambiwa hana sifa.

Wapo wanaosema mfanyakazi angefuatilia michango yake mapema. Anafuatilia vipi, wakati anayeuliza habari za NSSF ndiye wa kwanza kwenye orodha ya wanaopunguzwa? Wengine wanasema Mfuko hauwezi kulipa kwa fedha ambazo haukupokea. Lakini michango isiyopelekwa ni deni la mwajiri kwa Mfuko kisheria, na Mfuko una wakaguzi, adhabu ya kuchelewesha na mahakama za kumdai. Mwajiri akiacha kuleta fedha, Mfuko unaona mwezi huohuo. Mfanyakazi anaona siku ya kufukuzwa.

Mtego wa pili ni karatasi ya kuacha kazi. Mwajiri akitaka kukwepa utaratibu wa kupunguza wafanyakazi, yaani kutoa taarifa, kueleza sababu na kujadiliana kabla ya uamuzi, anawaita watu mmojamoja na kuwaambia: "Andika barua ya kuacha kazi, nikulipe haraka." Ukisaini, umekuwa mtu aliyeondoka kwa hiari, na fao limekufa hapohapo, hata kama ulichangia miaka 10. Barua inayokulinda ni ya mwajiri, inayosema ameondoa ajira yako na kwa sababu gani.

*Tawi linadai:*
1. Mwezi ambao hati ya mshahara inaonyesha makato uhesabiwe kuwa mwezi wa mchango. Mfuko umlipe mfanyakazi, kisha umdai mwajiri.
2. Mwajiri akikosa kupeleka michango, Mfuko uwaarifu wafanyakazi wake moja kwa moja kwenye simu zao.
3. Mwajiri anayetangaza kupunguza watu aonyeshe kwanza kwamba michango yao yote imefika.

*Wakati tunapigania hayo, kila mwanachama afanye hivi:* tunza hati zako za mshahara nyumbani, usiziache kazini. Omba taarifa ya michango NSSF, uilinganishe na hati hizo mwezi kwa mwezi. Angalia mwezi uliorukwa, na angalia pia kiasi: mshahara wa 450,000 ukiandikwa 300,000, michango inapungua kimyakimya. Ukikuta pengo, peleka malalamiko kwa maandishi na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Ukiachishwa isivyo halali, au ukilazimishwa kuandika barua ya kuacha kazi, wahi Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30.

Wenye mapengo kwenye taarifa zao wafike ofisi ya tawi na nakala. Tunataka kwenda Mfukoni na orodha ya waajiri, miezi na kiasi, maana lawama za jumla hujibiwa kwa ahadi za jumla.

Kilichokatwa kimechangwa. Kihesabiwe!

*Katibu Mwenezi,*
*kwa niaba ya Kamati ya Tawi*