Mwajiri anajua mtunza stoo hufanya nini

KAZI NA WATU
Na Tausi Mwakalinga

“Nilikuwa na jukumu la kupokea, kuhifadhi na kutoa dawa, pamoja na kutunza kumbukumbu za stoo.”

Sentensi hiyo nimeitoa, kwa ruhusa ya mwenyewe, kwenye wasifu wa kijana aliyetunza stoo ya duka la dawa za jumla Kariakoo kwa miaka mitatu. Ameuandika kwa Kiingereza, hapa natafsiri tu. Haina uongo hata kidogo. Shida ni kwamba kila mtunza stoo anaweza kuiandika, hata yule aliyefukuzwa kwa uzembe, naye asiwe amedanganya.

Nilipomuuliza aliipata wapi, alisema kwenye barua yake ya ajira. Wengi wetu tunachota hapohapo. Mwajiri wa kwanza aliorodhesha kazi alizotaka zifanywe, nasi tunampelekea mwajiri wa pili orodha ileile kana kwamba ndiyo ushahidi kuwa zilifanyika.

Basi tuliacha karatasi tukazungumza. Ulipoingia, stoo ilikuwaje? Akasema maboksi yalipangwa kadiri yalivyofika, mzigo mpya mbele, wa zamani ukafichwa nyuma. Kila walipohesabu mali walikuta dawa zilizoisha muda, na hizo hazitupwi jalalani: huombewa kibali, zikateketezwa chini ya usimamizi, na gharama hubebwa na mwenye duka. Wewe ukafanya nini? Aliandika tarehe ya mwisho wa matumizi kwa kalamu nene kwenye kila boksi, akageuza rafu ili zinazokaribia kuisha zikae mbele, na kila mwanzo wa mwezi akawapa wauzaji orodha ya dawa zilizobakiza chini ya miezi sita. Na ulipoondoka? Hesabu ya mwaka wake wa kwanza ilikuta maboksi 46 yaliyoisha muda. Ya mwisho ilikuta 11.

Hayo yote hayakuwamo kwenye wasifu. Sasa yamo:

“Nilipunguza maboksi ya dawa zilizoisha muda kutoka 46 hadi 11 kwa mwaka, kwa kupanga rafu kufuata tarehe za mwisho wa matumizi na kuwapa wauzaji orodha ya kila mwezi.”

Kitendo na matokeo vimetangulia, namna ya kufanya imefuata. Mpangilio huo una sababu: anayepitia wasifu mwingi husoma maneno machache ya mwanzo wa kila mstari, na akikuta “nilikuwa na jukumu la” anaruka. Nilimshauri pia aache namba zenyewe badala ya kuandika asilimia 76. Asilimia ni sahihi, lakini kushuka kutoka boksi nne hadi moja nako ni asilimia 75, na msomaji makini atashuku kwamba unaficha udogo wa hesabu.

Jaribio lake la kwanza, lazima niseme, lilikuwa baya kuliko orodha ya majukumu: “Niliboresha kwa kiasi kikubwa ufanisi wa stoo.” Kitenzi kimekaa mbele, lakini hakuna kilichofanyika. Kipimo changu ni swali moja: umejuaje? Mstari usioweza kulijibu haujakamilika. Alitaka pia kuongeza kwamba mauzo ya duka yalipanda. Nilikataa. Waliouza ni wauzaji, na mdhamini wake akipigiwa simu atasema hivyo. Ukiwa mmoja wa waliofanya, andika “nilishiriki” kisha utaje sehemu yako.

Kuna kazi zisizo na takwimu za namna hii. Mhasibu msaidizi anaweza kuandika kwamba hoja ya ukaguzi iliyojirudia kila mwaka ilifungwa baada ya yeye kupanga upya hati za malipo. Mpokea wageni anaweza kutaja daftari la miadi alilolianzisha na ambalo ofisi bado inalitumia. Hayo ni matokeo, na yanathibitika.

Wala usigeuze kila mstari. Mistari miwili au mitatu kwa kila kazi inatosha, na mmoja wa majukumu ubaki ikiwa unaonyesha ukubwa wa kazi, kwa mfano idadi ya aina za dawa ulizozisimamia. Majukumu yaliyotajwa kwenye tangazo pia usiyafute, maana anayefanya mchujo wa kwanza mara nyingi huyatafuta hayo kabla ya mengine.

Kijana wetu alikuwa na bahati ya kuzikumbuka hesabu alizosaini mwenyewe. Wengi hukumbuka kuzitafuta wakati mlango umeshafungwa nyuma yao. Kwa hiyo, wewe uliye kazini leo, andika kwenye daftari lako hali uliyoikuta, ulichobadilisha na lini. Nyaraka za mwajiri ziache ofisini.