"Nzuri" ya Kwanza Siyo Jibu

Tulipotumwa kukusanya michango ya jumuiya, tulibisha hodi kwa bibi mmoja, tukamwamkia shikamoo, tukauliza, "Habari za hapa?" Akajibu, "Nzuri." Papo hapo tukafungua daftari. Alitoa shilingi elfu mbili, tukaaga. Jioni tukasikia kwamba fedha ile ilikuwa ya dawa ya mjukuu wake.

Kosa letu lilikuwa haraka. Katika salamu zetu "nzuri" ya kwanza ni adabu tu. Husemwa hata penye msiba. Ukweli huja katika swali la pili au la tatu: "Watoto hawajambo?" Hapo ndipo husikika, "Hawajambo, ila huyu mdogo ana homa." Hiyo "ila" ndiyo ya kusubiri. Ikishatamkwa, mchango unangoja, tunauliza habari za mgonjwa.

Wapo wanaosema salamu ndefu hupoteza muda. Penye dharura ni kweli, na ndiyo maana mgeni asiyesalimu hushtua wenyeji: wanajua kuna jambo. Lakini siku ya kawaida, dakika tano za kujuliana hali humpa mwenyeji nafasi ya kusema asichoweza kusema daftari likishafunguliwa.