Kitambulisho Kimoja, Laini Sita: Nani Atajibu?

Nyumba nyingi za mitaani kwetu zina kitambulisho kimoja kinachobeba simu za watu wote. Mara nyingi ni cha mama, au cha mjomba aliyebahatika kukipata mapema. Sababu yake twaijua. Kijana wa Pwani alikuwa akisubiri kitambulisho miezi, wengine miaka, akipelekwa mbele ya kamati za upekuzi na kuambiwa alete cha baba na cha babu. Laini ya simu haikuweza kungoja hayo yote. Mama alitoa kitambulisho chake, laini ikasajiliwa, na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Lakini kwa kampuni ya simu, laini ile si ya kijana. Ni ya mama. Pesa zikitumwa, jina linalotokea kwenye ujumbe ni la mama. Ikiwa laini hiyo imetumika kumlaghai mtu wa Nakuru, aliyelaghaiwa atakwenda kituo cha polisi na jina la mama mkononi, na mpelelezi akiuliza kampuni, atapewa nambari ya kitambulisho cha mama. Mpelelezi hana njia ya kujua kwamba simu yenyewe ina mtu mwingine mpaka mama aeleze. Na huku kwetu, ambako vijana wamekuwa wakitiliwa shaka za ugaidi kwa mambo madogo kuliko hayo, kueleza si kazi nyepesi.

Madeni nayo hufuata njia hiyo hiyo. Mtumiaji ndiye ajuaye nambari ya siri, ndiye anayechukua Fuliza au mkopo wa M-Shwari, lakini anayeripotiwa kwa CRB asipolipa ni mwenye kitambulisho. Kuna na jambo ambalo wengi hawalifikirii: mwenye jina akifariki, pesa zilizomo kwenye laini huhesabiwa kuwa mali yake ya urithi, hata kama ni akiba ya mpwa aliyekuwa akiuza samaki kila siku.

Hizo ni laini tulizozitoa kwa hiari. Ziko nyingine tulizoibiwa bila kujua. Wakala wa barabarani hulipwa kwa kila laini anayosajili. Unampa kitambulisho, anakipiga picha, anakupiga na wewe picha, kisha anasema mtandao umekataa, turudie. Ile mara ya kwanza huenda haikukataa. Umeondoka na laini moja, na ya pili imebaki kwake, imesajiliwa tayari, inangoja mnunuzi asiyetaka kujulikana. Nambari zetu za kitambulisho pia zimetapakaa kwenye daftari za wakala wa pesa na za walinzi milangoni. Juni 2021 Wakenya wengi waliingia kwenye eCitizen wakajikuta wanachama wa vyama vya siasa ambavyo hawajavikanyagia hata mkutano, na shaka ya wengi ilikwenda moja kwa moja kwa daftari hizo.

Kujua laini zilizo kwa jina lako hakuhitaji simu ya bei. Kabambe yatosha, wala huhitaji intaneti. Kwenye laini yako ya Safaricom piga:

```
*106#
```

Chagua sehemu ya kuangalia nambari zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, ufuate maelekezo. Utaletewa orodha. Elewa kwamba orodha hiyo ni ya kampuni moja tu. Safaricom haioni laini za Airtel wala za Telkom, kwa hivyo usipumue kabla hujauliza na huko. Njia ya hakika kwa kampuni yoyote ni kuingia dukani kwao, si kwa wakala wa mwavuli, ukiwa na kitambulisho chenyewe, na kuomba usomewe laini zote zilizo chini yake. Tena, orodha hufuata hati. Kama uliwahi kusajili laini kwa pasipoti, labda uliporudi kutoka Saudia au Qatar kabla ya kukitafuta kitambulisho kilichopotea, hiyo haitatokea ukiuliza kwa kitambulisho. Iulizie peke yake.

Wiki iliyopita niliketi na jirani yangu, mama anayeuza mahamri huku Kisauni, tukaipitia yake. Zilitoka nambari sita. Ya kwanza ni anayotumia. Ya pili ni ya simu iliyomtumbukia majini kwenye feri zamani, na hakuwahi kuifunga. Mbili ni za wanawe. Ya tano ilikuwa ya msichana aliyemsaidia kazi za nyumbani, akaondoka kwenda Voi. Ya sita hakuijua.

Nilichomwambia kwanza ni asikimbilie kubonyeza. Menyu inakuruhusu kuripoti nambari usiyoitambua, na watu wengi wakiona orodha ndefu huripoti zote isipokuwa yao. Laini ya yule msichana ina akiba yake ya M-Pesa. Ikifungwa kama laini ya wizi, pesa zake zitakwama, na atakayeweza kuzidai ni mama, si yeye. Kwa hivyo alimpigia. Walipatana kwamba msichana atoe pesa zote kwanza, kisha siku atakapokuja Mombasa waende dukani pamoja, kila mtu na kitambulisho chake, laini ihamishiwe jina la mwenyewe.

Mwana mkubwa amepata kitambulisho mwaka huu, naye atafanya vivyo hivyo. Mdogo hajafika miaka 18, na kanuni za usajili zinamruhusu mzazi kumsajilia, basi ya kwake ibaki. Hii ndiyo laini pekee ambayo mimi naona ina haki ya kukaa kwa jina la mtu mwingine. Ile ya majini ifungwe dukani, kwa sababu kadi iliyopotea haijulikani imeokotwa na nani.

Ikabaki ya sita. Alitaka kuipigia asikie ni nani. Nikamzuia. Kama ni ya tapeli, kumpigia ni kumwambia akimbie, na pia ni kumpa nambari yako. Alichofanya ni kuandika nambari hiyo na tarehe aliyoiona, akairipoti kupitia menyu, kisha akaenda dukani kuhakikisha imefungwa na kuomba nambari ya malalamiko yake. Mimi ningeongeza kituo cha polisi. Ukiwa na nambari ya OB yenye tarehe, atakapokuja mtu na jina lako baada ya miezi mitatu, una karatasi ya kuonyesha kwamba uliikana laini hiyo kabla hujaulizwa. Kampuni ikikuzungusha, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data hupokea malalamiko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa kuwa kitambulisho chako kimetumika bila idhini yako.

Matapeli nao wanajua kwamba watu wanakagua laini. Akikupigia mtu kwa nambari ya kawaida, akasema wewe una laini nyingi na akuondolee, umpe nambari ya siri au umtumie picha ya kitambulisho kwa WhatsApp, kata. Safaricom hupiga kwa 0722000000 pekee, na ujumbe wa utapeli unaweza kuupeleka 333 bila malipo. Kuondoa laini hakuhitaji nambari yako ya siri hata kidogo.

Jirani yangu atapiga tena *106# mwisho wa mwezi, kuona kama ile ya sita imetoka kweli au imerudi na nambari nyingine.