Ukimkabidhi mwenzako kazi za cron, mwandikie nini?

Leo nina neno kwa wale wanaohama kazi na kumwachia kijana mgeni zile programu zinazojiendesha kwa ratiba, zikihamisha data kutoka mashine moja hadi nyingine. Hati nyingi za kukabidhi nilizosoma hueleza jinsi mfumo ulivyojengwa. Kwa maoni yangu hilo si la haraka, kwa sababu msimbo atausoma mwenyewe. Anachohitaji ni kujua afanye nini asubuhi ambayo data haikufika.

Tuchukue mfano wa majani chai, maana huku Kisii na Nyamira kila mtu anaufahamu. Karani wa kituo anapima majani kwa mizani ya kielektroniki, na mizani inatuma rekodi kwenye seva ya vituo mtandao ukipatikana. Usiku, kazi ya kwanza inavuta rekodi hizo hadi kwenye hifadhidata ya malipo iliyo ofisini Kisii mjini. Kazi ya pili inawatumia wakulima ujumbe wa simu wenye kilo zao.

Hati ianze na saa. Huu hapa mstari wa ratiba:

```
0 2 * * *  /opt/chai/vuta_kilo.sh
```

Msomaji mmoja ataona 2 aseme ni saa mbili. Mwingine atasema saa nane usiku. Kama seva imewekwa UTC, wote wamekosea, kwa kuwa Kenya iko mbele kwa saa tatu na kazi inaanza saa kumi na moja alfajiri. Basi andika hivi: 02:00 UTC, yaani 05:00 ya Kenya, saa kumi na moja alfajiri. Mstari mmoja tu, na hakuna atakayeamka kukagua kazi ambayo bado haijaanza.

La pili ni kazi inayoshindwa kimyakimya. Tuseme Jumanne tarehe 4 Machi 2025 mvua ya alasiri imekata mtandao katika kituo kimoja karibu na Keroka. Rekodi za siku hiyo zinafika kwenye seva ya vituo Alhamisi. Lakini programu yetu inaweka alama ya saa ya upimaji ya rekodi ya mwisho iliyovuta, kisha inatafuta zilizopimwa baada ya hapo tu. Vituo vingine vimekwisha kuisogeza alama hadi Jumatano jioni. Za Keroka ni za Jumanne, kwa hiyo zinarukwa daima. Kumbukumbu za programu zinaonyesha kila kitu kimefaulu, na mkulima atagundua mwisho wa mwezi kwamba kilo zake za siku nzima hazimo.

Kwa hiyo hati iandike wazi alama hiyo inahifadhiwa wapi, na iweke swali la kuuliza pande zote mbili kila asubuhi, kwa siku saba zilizopita:

```
SELECT kituo, tarehe, COUNT(*), SUM(kilo)
FROM upimaji
WHERE tarehe >= CURRENT_DATE - INTERVAL '7' DAY
  AND tarehe < CURRENT_DATE
GROUP BY kituo, tarehe;
```

Kama seva ya vituo ina stakabadhi 212 na kilo 3,460, na ofisini hakuna mstari wowote wa siku hiyo, kijana ameliona tatizo bila kusubiri mkulima apige simu.

La tatu, ambalo watu wengi husahau: je, ni salama kuirudia kazi? Kijibu hiki kwa kila kazi peke yake. Kuvuta kilo kunaweza kurudiwa hata mara kumi iwapo jedwali linakataa stakabadhi ileile ya kituo kilekile kuingia mara mbili. Basi mpe amri kamili ya kuvuta upya tarehe moja:

```
/opt/chai/vuta_kilo.sh --tarehe 2025-03-04
```

Lakini ujumbe wa simu haurudiwi ovyo. Ukirudiwa, mkulima atasoma kilo 16 mara mbili na kudhani ana 32. Andika pia mpaka wake: hesabu za mwezi zikishafungwa, asiingize kitu mwenyewe, ampigie mhasibu kwanza. Taja cheo pamoja na jina, kwani mhasibu naye huhama.

Na kabla hujaondoka, jaribu hati yako. Futa rekodi za siku moja kwenye nakala ya majaribio, mpe kijana hati, kisha kaa kando bila kusema neno. Kila swali atakalokuuliza ni mstari unaokosekana. Uongeze siku hiyohiyo, kwa sababu ukishapanda matatu kwenda kwa mwajiri mpya, swali hilo atakuuliza kwa simu alfajiri, au asiulize kabisa na abahatishe kwa kilo za watu.

Wewe unaandikaje yako? Maoni karibuni.